Seva Haina Kosa

Anayehamia kompyuta mpya hujiandaa kwa mengi. Anahamisha picha, nyaraka, alamisho za kivinjari, hata ile picha ya ukutani ambayo macho yake yameizoea. Folda ya mradi anaibeba kwa flashi, anasakinisha Git, anarekebisha mstari mmoja uliokuwa unamkera tangu wiki iliyopita, kisha anaandika `git push` akiwa na moyo mweupe. Jibu analopewa ni hili:

```
git@github.com: Permission denied (publickey).
fatal: Could not read from remote repository.
```

Repo ni yake. Aliianzisha mwenyewe, jina lake limo ndani ya anwani yake, na jana jioni kwenye kompyuta ya zamani ilimpokea bila neno. Kinachofuata kina utaratibu wake, unaojulikana na kila aliyewahi kukaa chumba kimoja na waandishi wa programu. Kwanza anarudia amri ileile, taratibu zaidi, kana kwamba seva haikusikia vizuri. Kisha anairudia kwa `sudo`, maana mkubwa hakataliwi. Kisha anaandika upya jina na barua pepe yake kwa `git config`, akidhani amesahauliwa. Kisha anaipa folda nzima ruhusa ya 777, dawa ya magonjwa yote na chanzo cha mengi kati ya hayo. Mwisho anaandika kwenye grupu la WhatsApp la kazini: "Jamani, nani amenitoa kwenye mradi?" Hapo wenzake wanakaa kimya kwa muda, kwa sababu wapo ambao wazo hilo lilishawapitia.

Dai langu ni kwamba seva, katika kisa hiki, haina kosa lolote, na kwamba mbwembwe zote hizo hutokana na kuliruka swali moja dogo: kompyuta hii imeonyesha ufunguo gani? Asiyelijua jibu la swali hilo anapiga ramli, hata kama ramli yake ina amri nyingi na ameiandika kwa kasi. Anayelijua hubakiwa na kazi ya dakika chache. Nitadai pia jambo la pili linalozaliwa na hilo la kwanza: dawa bora ya kompyuta mpya ni ufunguo mpya, wala si ule wa zamani uliosafirishwa.

Tuanze na kilichoandikwa kwenye anwani yenyewe. Kabla ya alama ya `@` kuna neno `git`. Hilo ndilo jina la mtumiaji anayeingia, na ni jina hilohilo kwa kila mtu anayesukuma msimbo kwenda GitHub kwa SSH, kuanzia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi. Wote hubisha hodi wakijiita `git`. Ukijaribu kuwa mwaminifu na kuandika jina lako la akaunti mahali pa `git`, utakataliwa kwa maneno yaleyale. Sasa, ikiwa wote wanajiita jina moja, seva inawatofautishaje? Kwa ufunguo tu. Ufunguo wa umma uliouweka kwenye akaunti yako zamani ndio unaoiambia seva kwamba huyu `git` ni fulani na yule `git` ni mwingine. Ndiyo maana ufunguo mmoja hauruhusiwi kukaa kwenye akaunti mbili: seva isingejua imwite nani. Kwa hiyo kompyuta mpya isiyo na ufunguo unaotambulika haifiki pale kama mwenye mali aliyesahau kitu nyumbani. Inafika bila jina. Kulalamika kwamba repo ni yako ni sawa kabisa, ila unayemlalamikia bado hajui anayelalamika ni nani.

Hapo ndipo dawa ya `git config` inapoonekana ilivyo nje ya ugonjwa. Jina na barua pepe unavyoviweka pale huandikwa kwenye kumbukumbu ya kila badiliko, ili siku moja wenzako wajue wa kumlaumu. Havihusiki hata kidogo na mlango wa SSH. Unaweza kujiandika kuwa rais wa nchi na mlango ukafunguka ikiwa ufunguo wako ni sahihi. Unaweza kuandika majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho na mlango usifunguke.

Jozi ya funguo za SSH inaeleweka upesi kwa mfano wa kufuli. Ufunguo wa umma, ile faili inayoishia na `.pub`, ni kufuli unaloweza kumwachia yeyote akalifunga mlangoni pake. Ufunguo wa siri ni ule unaobaki mfukoni mwako. Kompyuta kwanza huiuliza seva, "Je, kufuli hili unalo?" Seva ikisema ndiyo, kompyuta huutumia ufunguo wa siri kutia saini, bila kuutuma popote. Kwa hiyo kuna hatua mbili, kutambuliwa na kutia saini, na unaweza kuvuka ya kwanza ukakwama kwenye ya pili. Ujumbe wa mwisho ni uleule kwa zote mbili, na hii ndiyo sababu kuusoma huo ujumbe peke yake, hata mara ishirini, hakukupeleki mbele.

Cha kusoma ni mazungumzo yaliyotangulia. Amri yake ni fupi, na haibadilishi chochote kwenye kompyuta yako isipokuwa labda hasira zako:

```
ssh -vT git@github.com
```

Herufi `v` inaiamuru SSH iseme kila inachofanya. Itamwaga mistari mingi, na mwenye haraka ataifunga kwa woga. Asiifunge. Anatafuta maneno matatu tu. `Trying private key` maana yake kompyuta inajaribu faili ya jina fulani, bila kuwa na cha kuonyesha bado. `Offering public key` maana yake imepata ufunguo na imeuonyesha. `Server accepts key` maana yake seva imeutambua. Neno la mwisho ulilofikia kati ya hayo matatu ndilo linalotaja mahali penye tatizo.

Tumtazame fundi mmoja wa kubuni, ambaye amefanya kila kitu kwa uangalifu. Amekumbuka kunakili funguo zake mbili kutoka folda ya `.ssh` ya kompyuta ya zamani, ule wa siri na ule wa umma, na amezipanga kwenye folda ya jina hilohilo kwenye mpya. Funguo anaziona kwa macho yake. Bado anakataliwa. Anaendesha amri ile, na karibu na mwisho anakuta haya:

```
debug1: Trying private key: /home/fundi/.ssh/id_rsa
debug1: Trying private key: /home/fundi/.ssh/id_ecdsa
debug1: Trying private key: /home/fundi/.ssh/id_ed25519
debug1: No more authentication methods to try.
```

Mstari wa `Offering` haupo hata mmoja. Kompyuta haijaonyesha chochote, kwa hiyo seva haijakataa ufunguo wa fundi, haijauona. Sababu imo kwenye majina. SSH isipoelekezwa hutafuta mafaili yenye majina ya kawaida, hayo yaliyotajwa na mengine machache ya ukoo huohuo. Fundi wetu, kwa kupenda mpangilio, miaka iliyopita aliuita ufunguo wake `ufunguo_kazi`. Kwenye kompyuta ya zamani ulifanya kazi kwa sababu siku hiyohiyo alifungua faili iitwayo `config`, ndani ya folda ileile, akaandika mistari minne, kisha akaisahau kabisa. Alinakili funguo, akaiacha `config`. Mistari yenyewe ni hii:

```
Host github.com
    User git
    IdentityFile ~/.ssh/ufunguo_kazi
    IdentitiesOnly yes
```

Anairudisha, anaendesha amri tena, na safari hii anaona `Offering public key`, kisha `Server accepts key`. Anatabasamu. Kisha skrini inajaa alama za `@` zilizozunguka maneno `WARNING: UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE!`, na chini yake `Permissions 0644`, na chini zaidi `This private key will be ignored`, na mwisho kabisa ni kukataliwa kulekule kwa mwanzo. Fundi amevuka hatua ya kwanza na kukwama kwenye ya pili. Flashi aliyotumia ilikuwa ya mfumo wa FAT, na mfumo huo hauhifadhi ruhusa za mafaili kama Linux inavyozijua. Faili iliyoondoka ikiwa inasomwa na mwenyewe tu ilifika upande wa pili ikisomwa na kila mtu mwenye akaunti kwenye kompyuta hiyo. SSH huuona ufunguo wa namna hiyo na kukataa kuutumia. Inayokataa hapa ni kompyuta ya fundi mwenyewe. Seva ilishakubali na inasubiri saini. Tiba ni mistari miwili:

```
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/ufunguo_kazi
```

Sasa ifikirie tena ile dawa ya 777. Mgonjwa anakufa kwa kuwa mlango uko wazi mno, na mganga anaondoa ukuta.

Hali ya tatu ni ya mwenye `Offering` bila `Server accepts key`. Ufunguo umeonyeshwa na seva haiutambui, pengine kwa sababu akaunti inashikilia mwingine. Hakuna haja ya kubahatisha. Amri ya `ssh-keygen -lf` ikifuatiwa na njia ya faili ya `.pub` huchapisha alama ya kidole ya ufunguo, mstari unaoanza na `SHA256:`, na ukurasa wa funguo kwenye akaunti yako unaonyesha alama za namna hiyohiyo. Zilinganishe. Zikitofautiana, umepata jibu. Na kama huoni ufunguo wowote kwenye ukurasa huo ilhali unakumbuka kuuweka, jua kwamba GitHub huondoa wenyewe ufunguo usiotumika kwa mwaka mzima. Anayefufua kompyuta iliyolala kabatini hukutana na hili mara kwa mara na kudhani kuna mkono wa mtu.

Msomaji mwenye hasira za haki atauliza: kama tofauti ziko tatu, mbona seva haisemi ni ipi? Kwa nini jibu moja kwa wote? Pingamizi lina uzito, lakini linaisahau hali ya seva. Katika hali ya kwanza seva haikuonyeshwa kitu, na katika ya pili haikupewa saini. Haiwezi kueleza yaliyotokea ndani ya kompyuta isiyoiona. Katika ya tatu inaona ufunguo isioujua, na kwa kuwa kila mgeni anaitwa `git`, haina jina la kumhurumia nalo. Hata ingekuwa nalo, kumweleza mgeni asiyejulikana amekaribia kiasi gani ni ukarimu ambao mwizi angeushukuru kuliko mwenye nyumba. SSH yenyewe iliandikwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995, baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Unyimivu wa maneno uko kwenye damu ya ukoo. Na mabano yale yenye `publickey`, ambayo wengi huyasoma kama tusi la kitaalamu, ni taarifa ya kweli: yanataja njia za kujitambulisha ambazo seva bado ingezikubali, na hapa ni moja tu. Anayesubiri kuulizwa nywila atasubiri sana.

Pingamizi la pili ni la watu wa vitendo: kwa nini nisinakili folda nzima ya `.ssh`, pamoja na `config`, nikarekebisha ruhusa na kuendelea na maisha? Inawezekana, na nisingemcheka anayefanya hivyo kwa kompyuta mbili anazozimiliki na kuzitunza mwenyewe. Lakini tazama safari ya ufunguo huo. Umepita kwenye flashi, ambayo kesho itaazimwa na jirani wa kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Au umetumwa kwa WhatsApp, "kujitumia mwenyewe tu", na sasa unakaa kwenye simu na kwenye nakala ya hifadhi ya simu. Na unabaki kwenye kompyuta ya zamani, ambayo siku moja itauzwa Kariakoo ikiwa imefutwa picha peke yake. Ufunguo mmoja sasa una makao kadhaa, na ukishuku moja, huna namna ya kulifunga bila kuyafunga yote. Wenyewe GitHub waligundua Machi 2023 kwamba ufunguo wa siri wa RSA wa seva yao ulikuwa umeonekana kwa muda mfupi kwenye repo ya wazi. Hawakukaa kujadili nani aliuona. Tarehe 24 waliubadilisha, ingawa walijua watu dunia nzima wangeamka na onyo la kutisha kwenye skrini. Kama wao waliona ufunguo uliotoka nje haufai kuhesabiwa tena kuwa wa siri, sisi wenye flashi tuna hoja gani?

Kuunda mpya ni rahisi kuliko kuusafirisha wa zamani, na hili ndilo jambo linaloumaliza ubishi:

```
ssh-keygen -t ed25519 -C "kompyuta-mpya"
cat ~/.ssh/id_ed25519.pub
```

Amri ya kwanza itauliza mahali pa kuuhifadhi; bonyeza Enter ili ubaki na jina la kawaida, na yale ya `ufunguo_kazi` yasijirudie. Ikisema faili ipo tayari na kuuliza `Overwrite (y/n)?`, jibu `n` na utafakari, kwa sababu `y` hufuta ufunguo uliopo bila kaburi. Itauliza pia fungu la siri la kuulinda. Liweke, kwa kuwa aibiwaye kompyuta yenye ufunguo usiolindwa ameibiwa na akaunti. Amri ya pili huonyesha mstari mmoja unaoanza na `ssh-ed25519`. Huo wote, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ndio unaobandikwa kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya funguo za SSH. Usibandike faili isiyo na `.pub`. Ruhusa, majina na `config` vinajipanga vyenyewe, kwa sababu ufunguo umezaliwa hapo ulipo.

Wapo watakaosema wameichoka SSH na wanahamia HTTPS. Haki yao. Ila wasihame kwa kudhani watarudi kwenye nywila ya kawaida: tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei nywila ya akaunti kwa kazi za Git. Utahitaji tokeni, nayo ni siri ndefu, mara nyingi yenye tarehe ya mwisho, inayopaswa kuhifadhiwa mahali na kutengenezwa upya kwenye kompyuta mpya. Utakuwa umebadilisha umbo la siri tu. Pale ambapo HTTPS hushinda kweli ni kwenye mitandao ya ofisi inayoziba mlango namba 22, lakini dalili yake ni nyingine: SSH huning'inia hadi muda uishe, haifiki hata kukataliwa. Aliyekataliwa amefika.

Kwa aliyebaki na SSH, sasa jaribio la `ssh -T git@github.com` litajibu hivi:

```
Hi fundi! You've successfully authenticated, but GitHub does not provide shell access.
```

Huu ndio ushindi, ingawa umeandikwa kwa namna ambayo watu wengi hurudi mwanzo na kuanza kuharibu kilichotengemaa. Nusu ya pili inasema tu kwamba seva haitakupa dirisha la kuandikia amri, na wewe hukuja kutafuta dirisha. Nusu ya kwanza ndiyo ya kutazamwa, hasa jina. Likiwa jina la akaunti nyingine, kwa mfano ile ya kazini, kusukuma kutakataliwa kwa maneno mapya, `ERROR: Permission to` likifuatiwa na jina la repo, kisha `denied to` na jina la akaunti hiyo. Hilo sasa ndilo suala la ruhusa kwa maana yake halisi, na hapo grupu la WhatsApp lina haki ya kuulizwa.

Ikiwa jaribio linakupokea kwa jina sahihi na `git push` bado inakwama kwa `publickey`, basi wanaobisha hodi si mmoja. Anayetumia `sudo` anaifanya SSH itafute funguo za mtumiaji `root`, kwenye `/root/.ssh`, ambako hakuna kitu. Ukubwa aliouomba umempokonya jina lake. Kwenye Windows, Git huja na programu yake ya SSH huku mfumo wenyewe ukiwa na nyingine, kila moja na wakala wake wa kutunza funguo, na unaweza kuwa ulijaribu kwa moja huku Git ikitumia ya pili. Swali halijabadilika hata hapa: ufunguo gani umeonyeshwa, na nani ameuonyesha?

Kimebaki kitendo kimoja, ambacho wengi hukiruka kwa furaha ya kusukuma msimbo. Baada ya kompyuta mpya kufanya kazi, rudi kwenye ukurasa wa funguo na ufute ule wa kompyuta ya zamani. Ukiwa umetumia ufunguo mmoja kwa kila kompyuta, huo ni mstari mmoja wenye jina unalolitambua, na kufutwa kwake hakukugusi. Kisha uza mashine yako kwa amani. Mnunuzi akikuta folda ya `.ssh` na kujaribu bahati yake, seva itamjibu kwa ule ujumbe uliokukera, na safari hii utakubaliana nao kila neno.